Weldi ya daraja la chuma itadumu miaka mingapi? Hesabu ya uchovu hatua kwa hatua

Mwaka 1970 ufa mkubwa uligunduliwa kwenye daraja la Yellow Mill Pond, mjini Bridgeport katika jimbo la Connecticut, Marekani. Daraja hilo la barabara kuu ya I-95 lilikuwa limefunguliwa mwaka 1958. Ufa ulianzia kwenye weldi, mwishoni mwa bamba la nyongeza lililochomelewa chini ya boriti. Ulikuwa umekata yote flanji ya chini, yaani bamba la mlalo la chini ya boriti, na kuanza kupanda ubavu wa boriti. Ulikua kidogo kidogo, lori baada ya lori, na hivyo ndivyo uchovu wa chuma unavyofanya kazi.

Miaka hiyohiyo, John Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh walikuwa wanapima boriti nyingi za kuchomelea kwenye maabara. Matokeo yao ndiyo msingi wa kanuni tunazotumia leo: uhai wa weldi hutegemea mambo mawili, yaani tofauti ya mkazo na umbo la kiungo chenyewe. Nguvu ya chuma karibu haina la kusema. Ukibadilisha chuma cha S275 ukaweka cha S355 chenye nguvu zaidi bila kubadilisha vipimo vingine, hujaongeza hata siku moja kwenye maisha ya weldi.

Hapa tutahesabu kiungo kimoja tu, kwa kufuata kanuni ya Ulaya ya uchovu wa chuma, EN 1993-1-9 toleo la 2005. Daraja letu ni la mfano: boriti za chuma zenye slabu ya zege juu, urefu wa mita 24 kutoka nguzo hadi nguzo, njia mbili, kwenye barabara ya malori ya mizigo. Kiungo tunachokikagua ni cha katikati ya daraja, pale bamba la wima la kukaza ubavu linapochomelewa juu ya flanji ya chini. Baadaye tutaona kinachotokea mtu akija kuchomelea kishikio cha bomba la maji kwenye flanji hiyohiyo.

Kwanza, kitambue kiungo

Ufa wa uchovu haupendi katikati ya chuma kizima. Huanzia kwenye ukingo wa weldi, pale madini ya weldi yanapokutana na bamba, kwa sababu umbo hubadilika ghafla na mara nyingi pana mikwaruzo midogo iliyoachwa na joto. Kwa hiyo, kabla ya kushika kikokotoo, chora kiungo na ujiulize: mkazo unakwenda upande gani, na weldi imelalaje ukilinganisha nao?

Kwenye flanji ya chini mkazo hufuata urefu wa boriti. Weldi ya bamba letu la kukaza imekatiza njia hiyo. Majedwali ya kanuni yanataka ujumlishe unene wa bamba na miguu miwili ya weldi. Bamba letu lina milimita 15, na kila weldi ina mguu wa milimita 8, jumla milimita 31. Kwa kuwa hazizidi 50, kiungo kinaingia kundi la 80.

Namba hiyo 80 ina maana yake: ni tofauti ya mkazo, kwa megapaskali, ambayo kiungo cha aina hiyo kinaweza kuvumilia mara milioni 2. Imewekwa kwa tahadhari, chini ya matokeo mengi ya maabara. Kundi likishuka, kiungo ni dhaifu zaidi.

Kukosea kundi ndilo kosa ghali kuliko yote katika kazi hii, na hutokea zaidi pale mhandisi anaposoma michoro ya zamani bila kwenda kuliangalia daraja. Michoro haionyeshi kipande cha pembe kilichochomelewa na fundi aliyetaka mahali pa kufungia nyaya.

Pili, pata tofauti ya mkazo

Uzito wa daraja lenyewe hauingii. Unakaa palepale mchana na usiku, na chuma hakichoki kwa mzigo usiobadilika. Mtu aliyezoea kukagua nguvu ya boriti hili humsumbua, lakini lina sababu. Weldi inapopoa hujikunja na kuacha ndani yake mkazo wa kuvuta unaokaribia kiwango cha chuma kulegea. Mkazo huo tayari umeuweka ukingo wa weldi katika hali ya kuvutwa, kwa hiyo kinachobaki kuhesabika ni umbali kati ya mkazo wa juu na wa chini kila lori linapopita.

Lori letu ni la ekseli sita, lenye mzigo wa kisheria. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za pamoja na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Hizo ni tani 50. Kwa kilonewtoni tunapata takriban 78 mbele, 88 mara mbili katikati na 78 mara tatu nyuma. Nafasi kati ya ekseli, kuanzia mbele, ni mita 3.2, 1.3, 6.0, 1.3 na 1.3.

Sasa chora mstari wa athari wa momenti katikati ya daraja: unaonyesha kila kilonewtoni ya ekseli inaleta momenti kiasi gani kulingana na mahali ilipo. Kwa boriti iliyoegemea ncha mbili tu, mstari huo ni pembetatu: kilele chake kiko katikati na kina thamani ya robo ya urefu, yaani 6.0, kisha unashuka kwa 0.5 kila mita unayosogea pembeni. Sogeza lori mpaka upate jumla kubwa kuliko zote. Hapa inapatikana ekseli ya tatu inapokuwa katikati kabisa. Ya mbele iko mita 4.5 kutoka katikati, na thamani yake ni 3.75. Ya pili iko mita 1.3 na inapata 5.35. Ya tatu inapata 6.0. Tatu za nyuma zinapata 3.0, 2.35 na 1.7.

```
78*3.75 + 88*5.35 + 88*6.0 + 78*(3.0+2.35+1.7) = 1841 kNm
```

Hiyo ni momenti ya daraja zima, na boriti moja haibebi yote. Modeli ya kompyuta ya boriti na slabu imetupa mgawo wa 0.55 kwa boriti iliyo chini ya njia ya malori. Usikopi mgawo huo kwenye daraja lako, kwa kuwa unategemea nafasi kati ya boriti, unene wa slabu na mahali magurudumu yanapopita hasa. Kisha tunaongeza asilimia 15 kwa ajili ya mtikisiko, kiasi ambacho Wamarekani hutumia kwenye hesabu za uchovu. Karibu na kiungo cha upanuzi chenye bonde, mtikisiko huwa mkubwa zaidi ya hapo.

Momenti ya boriti yetu inakuwa 1841 × 0.55 × 1.15, yaani 1164 kNm. Moduli ya umbo, yaani kipimo cha jinsi umbo linavyostahimili kupindwa, ya boriti pamoja na slabu yake, ikipimwa kwenye flanji ya chini, ni mita za ujazo 0.030. Gawanya, unapata megapaskali 38.8. Lori linapoondoka mkazo wa magari unarudi sifuri, kwa hiyo tofauti ya mkazo ni hiyohiyo 38.8.

Kwenye daraja la mita 24 lori moja huleta mzunguko mmoja mkubwa, kwa sababu ekseli zote ziko juu ya daraja kwa pamoja. Kwenye boriti fupi za kukatiza, zenye mita tatu au nne tu, kila kundi la ekseli hupita peke yake, na lori lilelile linahesabika mara mbili au zaidi. Mkazo ukipanda na kushuka ovyo kiasi cha kushindwa kuuhesabu kwa macho, kuna njia ya tangi: chora mkazo kwa muda, ufikirie bonde limejaa maji, kisha toboa sehemu ya chini kabisa na upime kina kilichotoka. Rudia mpaka maji yaishe. Kila kina ni tofauti moja ya mkazo.

Tatu, hesabu malori

Lori moja la kisheria halielezi barabara. Kanuni inaruhusu kutumia takwimu za magari halisi, na daftari la mizani ndilo chanzo kizuri kuliko vyote. Kwa mfano wetu tuchukue malori 450 kwa siku kwa upande mmoja, katika makundi manne.

Kundi A ni malori 150 ya tani 50, yenye 38.8 MPa. Kundi B ni malori 20 yaliyozidisha mzigo kwa asilimia 15, kwa hiyo yana 44.6 MPa. Kundi C ni malori 150 ya ekseli tatu yaliyojaa. Ukirudia hesabu ya mstari wa athari kwa lori hilo, lenye ekseli za 78, 88 na 88 kN na nafasi za mita 4.2 na 1.3, utapata momenti ya 1303 kNm na tofauti ya mkazo ya 27.5 MPa. Kundi D ni malori 130 yanayorudi matupu, yenye takriban 13 MPa. Magari madogo na pikipiki yaache, mkazo wao ni mdogo mno.

Zidisha kwa siku 365: A na C kila moja ina mizunguko 54,750 kwa mwaka, na B ina 7,300.

Nne, ingia kwenye mchoro wa S-N

Mchoro wa S-N una tofauti ya mkazo kwenye mhimili wa wima na idadi ya mizunguko hadi kukatika kwenye mhimili wa mlalo, yote kwa skeli ya logi. Kwenye skeli hiyo unakuwa mistari iliyonyooka yenye kona mbili. Kona ya kwanza iko kwenye mizunguko milioni 5, ya pili kwenye milioni 100.

Kabla ya kuutumia, punguza namba ya kundi kwa kigezo cha usalama γMf. Kanuni inatoa thamani kuanzia 1.00 hadi 1.35. Ya chini ni kwa kiungo kinachokaguliwa mara kwa mara na ambacho kikikatika daraja bado linasimama. Ya juu ni kwa kiungo ambacho hakuna uhakika wa kukikagua na kukatika kwake ni janga. Nimechukua 1.35, na kwa boriti kuu ya barabara ambayo ratiba ya ukaguzi iko kwenye karatasi tu nisingethubutu kushuka.

Kundi 80 ukigawanya kwa 1.35 unapata C = 59.3. Kona ya kwanza ni D = 0.737 × C = 43.7. Ya pili ni L = 0.549 × D = 24.0. C na D hizi ni namba za mchoro, si makundi ya malori. Kwa tofauti ya mkazo S:

```
S >= D      :  N = 2e6 * (C/S)^3
L < S < D   :  N = 5e6 * (D/S)^5
S <= L      :  haina madhara
```

Weka namba. Kundi A liko chini ya D, kwa hiyo tunatumia mstari wa pili: N ni milioni 9.03. Kundi B liko juu ya D kidogo, na mstari wa kwanza unatupa milioni 4.69. Kundi C linapata milioni 50.5. Malori matupu yako chini ya 24.0, hayahesabiki.

Linganisha A na B. Mzigo umeongezeka asilimia 15 tu, lakini mizunguko inayovumilika imeshuka karibu nusu.

Tano, jumlisha kwa kanuni ya Miner

Miner, mhandisi Mmarekani, alichapisha wazo lake mwaka 1945. Kama kiungo kinavumilia mizunguko N, basi kila mzunguko unakula sehemu 1/N ya uhai wake. Jumlisha sehemu zote, na zikifika 1 uhai umekwisha.

| Kundi | S (MPa) | Mizunguko kwa mwaka | N | Uharibifu kwa mwaka |
|---|---|---|---|---|
| A | 38.8 | 54,750 | milioni 9.03 | 0.00606 |
| B | 44.6 | 7,300 | milioni 4.69 | 0.00156 |
| C | 27.5 | 54,750 | milioni 50.5 | 0.00108 |
| D | 13 | 47,450 | – | 0 |

Jumla ni 0.0087 kwa mwaka. Kwa miaka 100 ni 0.87, kwa hiyo kiungo kinapita. Ukigawanya 1 kwa 0.0087 unapata miaka 115.

Angalia safu ya B tena: malori 20 yaliyozidisha mzigo yanaharibu zaidi ya malori 150 ya ekseli tatu. Lakini hilo si lote. Mtu mwingine angeweza kusema kwamba kundi A, lenye 38.8, liko chini ya kona ya 43.7, basi halina madhara. Hiyo ingekuwa kweli kama hakuna mzunguko hata mmoja unaoivuka kona hiyo. Mara tu baadhi yanapoivuka, ufa huanza kukua, na ufa ukishakuwepo hata malori ya kisheria yanausukuma mbele. Ndiyo maana mstari unaendelea kushuka baada ya D. Hapa kundi A linachangia asilimia 70 ya uharibifu wote, na ni hayo malori 20 yaliyoliingiza kwenye hesabu.

Hapo pia pana mtego wa upande wa pili. Ongeza moduli ya boriti kutoka 0.030 hadi 0.031 tu, na kundi B linashuka hadi 43.2, chini ya kona. Kwa maandishi ya kanuni kiungo sasa kina uhai usio na mwisho. Mimi singelitia sahihi jibu hilo. Makadirio ya uzito wa malori hayana usahihi wa asilimia 3, na mgawo wa 0.55 hauna pia. Jibu likiruka kutoka miaka 115 hadi milele kwa badiliko dogo hivyo, shika jumla ya Miner na uache kona.

Kisha fikiria ongezeko la magari. Yakiongezeka asilimia 2 tu kila mwaka, miaka 115 inashuka hadi takriban 60. Kwa daraja jipya linalotakiwa kudumu miaka 100, ningeongeza unene wa flanji ya chini kwa kiasi cha robo na kurudia hesabu. Mkazo ukipungua kidogo, faida ni kubwa, kwa sababu ya vile vipeo vya 3 na 5. Vipeo hivyohivyo hufanya kosa la asilimia 20 kwenye mkazo liwe kosa la mara 1.7 hadi 2.5 kwenye miaka. Kwa daraja lililopo, badala ya kubishana kuhusu modeli, bandika geji za kupima mnyooko wa chuma kwenye flanji kwa wiki kadhaa. Mara nyingi mkazo halisi huonekana mdogo kuliko wa hesabu, kwa kuwa slabu na kingo za barabara husaidia kubeba.

Kishikio cha bomba

Daraja limejengwa, linapitisha malori. Anakuja mkandarasi wa maji, anachomelea vibamba chini ya flanji ili kutundika bomba. Kila kibamba kina urefu wa milimita 150 kwa kufuata boriti. Mzigo wa bomba ni mdogo, hakuna anayeshtuka.

Kwa uchovu, uzito wa bomba si hoja. Kibamba chenye weldi ndefu zaidi ya milimita 100 kinaishusha flanji kutoka kundi 80 hadi kundi 56. C inakuwa 41.5, D 30.6, L 16.8. Mkazo haujabadilika, lakini N za makundi A, B na C sasa ni milioni 2.44, 1.61 na 8.49. Uharibifu kwa mwaka unapanda hadi 0.033, na uhai unashuka kutoka miaka 115 hadi 30, kabla hata ya kufikiria ongezeko la magari.

Kama angekichomelea kwenye ukingo wa flanji, bila kulainisha kona, kundi lingekuwa 40. Hapo uhai ni miaka 10 hivi, na hata malori matupu yanaanza kuhesabika kwa sababu L imeshuka hadi 12.0, chini ya 13 yao. Bomba hilohilo lingeweza kushikwa na kibanio cha bolti kinachobana flanji bila kuitoboa wala kuichomelea.

Ukivikuta vishikio vya namna hii, usivipige nyundo vikatoke. Kata kibamba chini kidogo ya weldi, kisha saga taratibu, mikwaruzo ya jiwe la kusagia ikifuata urefu wa boriti na si kukatiza, mpaka flanji iwe laini. Halafu pima kwa chembe za sumaku kuona kama ufa ulikuwa umeshaanza. Kwenye daraja ambalo halijapimwa, tafuta mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye ukingo wa weldi, hasa kwenye ncha zake mbili, au rangi iliyopasuka mahali ambapo pembeni yake iko nzima.

Hesabu hii haioni nini

Inaona mkazo unaotokana na boriti kupinda, basi. Kwenye madaraja mengi ya zamani bamba la kukaza halikuchomelewa kwenye flanji kabisa. Lilikatwa likabaki pengo dogo, kwa hofu ya hiyohiyo weldi ya kukatiza. Boriti jirani zikishuka kwa viwango tofauti, vyuma vya kuunganisha boriti husukuma bamba hilo pembeni, na ubavu unapindwa huku na huku ndani ya pengo la sentimita chache. Ufa hutokea hapo hata kama jumla ya Miner kwenye flanji ni ndogo sana. Kwa mahali kama hapo mchoro wa S-N wa flanji hautakusaidia. Unahitaji modeli ya kina ya pengo lenyewe, au uende na tochi, ngazi na kioo kidogo ukaangalie ubavu ulio juu tu ya flanji, nyuma ya kila bamba.